Jicho la mtoto linapotangatanga: nini cha kuangalia kuanzia kuzaliwa hadi miezi tisa

Siku ya kilo, kwenye benchi la kituo cha afya kimoja upande wa Mudzipela, mama amemlaza mtoto wa wiki tatu mapajani. Jicho la kulia la mtoto linamtazama mama, la kushoto limekwenda puani. Kabla muuguzi hajafungua mdomo, bibi aliyekaa pembeni anajibu: «Acha, mama, watoto wote wako hivyo. Itaisha.»

Kwa mtoto wa wiki tatu, bibi amesema kweli. Lakini jibu hilohilo likitolewa mtoto akiwa na miezi mitano ni kosa, na linaweza kumpotezea jicho moja maisha yake yote. Mwongozo huu ni wa mama, baba, bibi na dada anayelea mtoto hapa Bunia. Utakuonyesha mpaka uko wapi kati ya «itaisha» na «twende hospitali», na namna ya kuutambua ukiwa nyumbani na simu ya mkononi tu.

Kwa nini macho ya mtoto mchanga hutangatanga

Mtoto anazaliwa na macho, lakini hajui bado kuyatumia. Siku za kwanza anaona mwanga, giza, na vitu vikubwa vyenye rangi zinazopingana sana, kama mstari wa nywele nyeusi juu ya paji la uso, au kikwembe chenye maua meusi kwenye kitambaa cheupe. Anaona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani shubiri moja na kidogo. Ndio umbali kati ya uso wako na wake anaponyonya. Zaidi ya hapo, kila kitu kwake ni ukungu.

Sehemu ndogo iliyo nyuma ya jicho, ile inayoona vitu vidogo waziwazi, haijakomaa. Ubongo nao haujajifunza kuiamuru misuli ya macho mawili iende pamoja. Kwa hiyo jicho moja linateleza, linarudi, halafu la pili linateleza. Hilo halitokani na ugonjwa wala na mtu aliyemtazama vibaya. Mtoto anajifunza tu, kama vile baadaye atakavyojifunza kutembea kwa kuyumba.

Kati ya mwezi wa tatu na wa tano ubongo unaanza kuunganisha picha mbili, ya jicho la kulia na ya kushoto, kuwa picha moja. Hapo ndipo mtoto anaanza kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Kazi hiyo inataka macho yote mawili yaelekee mahali pamoja. Jicho moja likiwa limegeuka, ubongo unapokea picha mbili zisizolingana, na unafanya jambo la busara lenye hasara kubwa: unaizima picha ya jicho lililogeuka.

Jicho lenyewe linaweza kuwa zima kabisa. Lakini ubongo usipolitumia haujifunzi kuona kwa jicho hilo, na mtoto anakua na jicho vivu. Ubongo hujifunza kwa wepesi katika miaka ya kwanza. Baada ya miaka 7 au 8 kuurudisha nyuma ni kazi ngumu sana, na miwani pekee haitoshi tena. Ndiyo maana makengeza ya mtoto mdogo yanahusu uwezo wa kuona kabla ya kuhusu sura.

Tumia siku za chanjo, na ujue pengo lake liko wapi

Huhitaji kalenda nyingine. Kadi ya mtoto tayari ina tarehe: chanjo za wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha ya surua miezi 9. Kabla ya kutoka nyumbani asubuhi ya kila tarehe hiyo, mwangalie macho.

*Wiki 6.* Mlaze akiwa ameshiba na yuko macho. Sogeza uso wako shubiri moja na kidogo kutoka kwake, kimya, bila kumwita, maana sauti inaweza kukudanganya. Je, anaushika uso wako kwa macho hata kwa sekunde chache? Wengi huanza kutabasamu wakikuona kati ya wiki 6 na 8. Jicho kuteleza mara mojamoja bado ni kawaida.

*Wiki 10.* Peleka uso wako polepole kulia, kisha kushoto. Macho yake yanapaswa kuanza kukufuata, pengine kwa kurukaruka. Kuteleza kwa jicho kunapaswa kuwa kumepungua.

*Wiki 14.* Sasa ana zaidi ya miezi mitatu. Anafuata kitu kinachotembea, anatazama mikono yake mwenyewe, anajaribu kugusa kitu kinachoning'inia. Asipokushika kwa macho wala kufuata kitu katika umri huu, mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Usisubiri chanjo ijayo.

Baada ya wiki 14, chanjo inayofuata kwenye orodha hiyo ni ya miezi 9. Katikati kuna zaidi ya miezi mitano, na ndani ya miezi hiyohiyo makengeza ya kweli hujitenga na yale ya kawaida. Basi jiwekee tarehe mbili zako. Ya kwanza ni siku anapotimiza miezi 4. Ya pili ni miezi 6, anapoanza kupata vitamini A. Andika kwa kalamu kwenye kadi: «macho». Nimeona kadi nyingi zilizojazwa vizuri, kilo na chanjo zote, na hakuna neno hata moja juu ya macho kati ya mwezi wa tatu na wa tisa.

> KISANDUKU: MPAKA
>
> Kabla ya miezi 4: jicho linateleza kidogo, kisha linarudi lenyewe. Endelea kuangalia.
>
> Umri wowote, hata wiki mbili: jicho limegeuka muda wote na halirudi. Mpeleke.
>
> Kuanzia miezi 4: jicho linageuka hata mara mojamoja, hata jioni tu akichoka. Mpeleke.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati

Hapa familia nyingi zinachanganyikiwa. Chanjo inahesabiwa tangu siku aliyozaliwa, ila macho yanahesabiwa tangu siku aliyotakiwa kuzaliwa. Mtoto aliyekuja wiki 8 mapema, siku ya chanjo ya wiki 14 macho yake ni ya wiki 6. Usiogope akifanya mambo ya wiki 6.

Lakini usimlegezee kwa jambo jingine. Watoto wa namna hii hupata makengeza zaidi kuliko wengine. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au chini ya gramu 1500, anatakiwa kuangaliwa sehemu ya nyuma ya jicho na mganga wa macho katika wiki za kwanza za maisha, hasa kama aliwekewa oksijeni. Mishipa ya damu ndani ya jicho lake inaweza kukua vibaya bila dalili yoyote kwa nje. Uliza jambo hilo kabla hamjaruhusiwa kutoka hospitali.

Namna ya kupima nyumbani

Chagua saa mtoto ameshiba na ametulia. Kaa naye mlangoni, palipo na mwanga lakini si juani. Mmoja ampakate, mwingine apime.

1. Nukta mbili za mwanga. Washa tochi ya simu, ifunike kwa kitambaa chepesi ili isimchome macho, na ishike mbele ya uso wako, karibu nusu mita kutoka kwa mtoto. Akitazama, angalia haraka mahali mwanga unapong'aa kwenye kila jicho, kisha zima. Sekunde mbili au tatu zatosha. Macho yakiwa sawa, nukta hizo ziko mahali pamoja kwenye mboni zote mbili. Ikiwa kwenye jicho moja nukta iko katikati, na kwenye la pili imesogea upande wa sikio, jicho hilo la pili limegeukia puani. Ikisogea upande wa pua, jicho limegeukia nje.

2. Kuziba jicho moja. Mwonyeshe kitu cha kuvutia, kifuniko cha rangi au uso wako. Ziba jicho la kulia kwa kiganja bila kuligusa, hesabu hadi tatu, achia. Fanya hivyo kwa la kushoto. Mtoto anayeona sawa pande zote hujali kidogo, au analalamika sawasawa. Akitulia unapoziba la kushoto, lakini akalia na kusukuma mkono wako kila unapoziba la kulia, elewa anachokuambia: la kulia ndilo anategemea. Rudia siku nyingine kabla ya kuhukumu, maana huenda alikuwa na usingizi tu.

3. Picha yenye flashi. Kwenye chumba chenye giza kidogo, piga picha ya uso mzima ukiwa hatua mbili kutoka kwake, akiwa anaitazama kamera. Mboni zinaweza kutokea nyekundu, za rangi ya machungwa, au nyeusi. Unachotafuta ni tofauti: mboni moja ing'ae nyeupe au manjano kama jicho la paka usiku, na nyingine isiwe hivyo. Piga tatu au nne. Picha moja nyeupe inaweza kuwa imetokana na upande mtoto aliotazama. Hata hivyo, weupe ukirudi, au ukiuona kwa macho yako bila kamera, nenda na picha hizo hospitali wiki hiyohiyo.

Usitumie buji wala taa ya mafuta badala ya tochi. Mtoto hurusha mkono bila kutazamia.

Makengeza yasiyo makengeza

Watoto wengi wetu huzaliwa na daraja pana la pua, na ngozi inayofunika kidogo kona ya ndani ya jicho. Weupe wa upande wa pua hauonekani, basi jicho linaonekana kama limeingia ndani, hasa mtoto akitazama pembeni. Majirani watasema ana makengeza. Nukta za mwanga zitakuambia ukweli: zikiwa mahali pamoja kwenye mboni zote mbili, na zikabaki hivyo siku zote unazopima, macho yamenyooka, na sura itabadilika pua inapokua. Endelea kupima kila mwezi hata hivyo, kwa sababu mtoto mwenye pua pana naye anaweza kupata makengeza ya kweli.

Mfano, hatua kwa hatua

Tuseme binti wa miezi mitano, aliyezaliwa kwa wakati wake, ananyonya vizuri na uzito unapanda. Mama ameona kwamba jioni, akiwa amechoka, jicho la kushoto linaingia puani. Asubuhi limenyooka. Mama mkwe anasema ni kwa sababu mtoto alibebwa mgongoni akawa anageuka kutazama nyuma.

Jioni ya kwanza mama anapima kwa tochi. Kulia nukta iko katikati, kushoto imeteleza kuelekea sikio. Asubuhi ziko sawa. Angekuwa na miezi miwili, mama angesubiri. Lakini ana mitano, na mpaka ni minne. Hiyo peke yake inatosha kumpeleka.

Jioni ya pili anaziba macho kwa zamu. Akiziba la kushoto, mtoto anaendelea kucheza. Akiziba la kulia, mtoto analia na kukwepa. Jioni ya tatu inakuwa vilevile. Maana yake huenda ubongo umeshaanza kuliacha jicho la kushoto. Mama anapiga picha tano kwa siku tofauti, asubuhi na jioni, na kwenye daftari anaandika: lilianza lini, jicho lipi, linaelekea wapi, saa ngapi, na nani katika ukoo ana makengeza au alivaa miwani mizito tangu utotoni. Anakumbuka kwamba shangazi wa mtoto ana makengeza. Jambo hilo ni kubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa makengeza hufuata ukoo.

Picha hizo zina kazi. Kituoni mtoto atakuwa ametoka kulala mgongoni, macho yamenyooka kama mshale, na muuguzi mwenye foleni ya watoto arobaini atasema hana kitu. Mama afungue simu. Akiambiwa asubiri hadi mwaka mmoja, ajibu kwa heshima: «Ana miezi mitano, linageuka kila jioni, na nikiziba lile zuri analia. Naomba karatasi ya transferi kwa mganga wa macho.» Sentensi hiyo ina umri, mara ngapi, na dalili, na muuguzi anaweza kuiandika jinsi ilivyo.

Mganga wa macho atafanya nini

Atamtia mtoto matone ya kupanua mboni. Baada ya hapo mtoto atachukia mwanga kwa saa kadhaa, na kwa dawa nyingine hata kwa siku kadhaa, kwa hiyo beba kofia au kitambaa cha kumkinga jua njiani. Kwa mboni iliyopanuka mganga anaweza kupima kama jicho linahitaji miwani, bila mtoto kusema neno, na kutazama nyuma ya jicho kama kuna tatizo jingine lililosababisha makengeza. Hatua hii ya pili isirukwe.

Tiba ni za aina tatu, na mara nyingi zinafuatana. Miwani, hata kwa mtoto asiyejua kutembea. Kuziba jicho zuri kwa saa zilizoandikwa na mganga, ili ubongo ulazimike kulitumia lile dhaifu. Na upasuaji wa misuli ya jicho. Upasuaji unanyoosha jicho, lakini haumfundishi mtoto kuona kwa jicho hilo, kwa hiyo usishangae ukiambiwa uendelee kuziba baada yake.

Usizibe jicho nyumbani kwa kubahatisha. Kwa mtoto mchanga, jicho zuri likizibwa kupita kiasi nalo linaweza kuwa vivu. Na kosa ninalolisikia mara kwa mara ni kuziba jicho lililogeuka, ili watu wasilione. Hilo linaongeza uharibifu.

> KISANDUKU: USISUBIRI TAREHE YOYOTE
>
> *Leo hii:*
> ☐ Mtoto wa chini ya siku 28, macho yamevimba na kutoa usaha. Maambukizi mengine huharibu kioo cha jicho kwa siku moja au mbili.
> ☐ Jicho limegeuka ghafla pamoja na homa, kutapika, degedege, kope kushuka, au baada ya kuanguka.
>
> *Wiki hii:*
> ☐ Mboni nyeupe. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho inayoitwa retinoblastoma.
> ☐ Jicho kubwa kuliko lingine, lenye ukungu, linalotoa machozi na kukimbia mwanga. Huenda ni presha ya jicho.
> ☐ Macho yanayotetemeka mfululizo. Huonekana pia kwa watoto wenye ualbino, nao wanahitaji kuangaliwa mapema.
> ☐ Miezi mitatu imepita na hakushiki kwa macho.

Nikae kidogo kwenye mboni nyeupe. Mtoto wa jicho si ugonjwa wa wazee peke yao. Kuna watoto wanaozaliwa nao. Ukiwa mzito kwenye jicho moja, waganga hutaka kuuondoa kabla mtoto hajafika wiki 8 hivi, kwa sababu ile ile ya ubongo. Retinoblastoma nayo hushika watoto wadogo, wengi kabla ya miaka mitano. Dalili yake inayoonekana zaidi ni mboni nyeupe, na inayofuata ni makengeza. Kwa hiyo jicho lililogeuka siku zote linastahili kutazamwa hadi nyuma. Ikigunduliwa ikiwa bado ndani ya jicho, mtoto hupona mara nyingi. Ikishatoka nje, inaua.

Kwenda wapi kutoka Bunia

Anza kituo chako, kwa sababu karatasi ya transferi hurahisisha mlango wa Hospitali Kuu ya Rejea ya Bunia. Kabla ya kulipa pikipiki, piga simu au mtume mtu aulize siku gani mganga wa macho yupo. Upasuaji wa macho ya mtoto mchanga unahitaji usingizi kamili na mtaalamu wa kulaza watoto, na si kila mji una watu hao, kwa hiyo huenda ukaelekezwa mbali zaidi. Kwa retinoblastoma, hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara, Uganda, imewatibu watoto wa ukanda huu kwa miaka mingi. Njia zetu hazifunguki kila siku. Ukiambiwa mapema kwamba safari inaweza kuhitajika, anza kutafuta hati za mtoto na kukusanya ukoo wiki hiyo, si baada ya tarehe kupangwa.

Yanayopoteza muda, na yanayodhuru

Kumbeba mtoto mgongoni hakuleti makengeza. Kutazama nyuma au juu hakuleti. Kitu kinachoning'inia karibu hakileti. Ukimlaumu mama kwa mambo hayo, ataficha jicho la mtoto badala ya kulipeleka.

Maziwa ya mama, maji ya majani, mkojo, au dawa ya jirani visiwekwe jichoni. Haviwezi kunyoosha msuli, na vinaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho kitakachoacha doa la kudumu. Dawa ya tetrasiklini ya asilimia 1 ambayo mkunga humpaka mtoto anapozaliwa ni jambo tofauti: inakinga usaha wa siku za kwanza. Ulizia kama mtoto wako alipakwa, lakini usiinunue sokoni kutibu makengeza.

Chukua kadi ya mtoto sasa hivi. Hesabu siku atakayotimiza miezi minne, iandike, na siku hiyo ikifika mpime kwa tochi asubuhi, halafu tena jioni akiwa amechoka.